Acheni Fumbo la Taarabu Lilivyo

Kila anayeniletea wimbo wa taarabu hapa Moshi ili niutie katika ushairi wa Kiingereza, aghalabu kwa ajili ya harusi yenye wageni wa mbali, huniambia neno lile lile: picha za ua, jahazi na upepo ni mapambo tu, kwa hiyo nizifumbue niseme waziwazi kwamba mtu anampenda mtu, au nizibadilishe kwa picha ambazo Mwingereza amezizoea. Wiki iliyopita nimeambiwa tena, safari hii na mshereheshaji ambaye maisha yake yote yanategemea mafumbo, na subira imenishinda.

Sitaki kuvunja haki ya mtunzi yeyote kwa kunukuu utungo wake, basi nimetunga ubeti wangu kwa kanuni za wimbo zinazojulikana, yaani mishororo mitatu, mizani kumi na sita, na vina vya kati na vya mwisho:

Kusi ilipokutwaa, hukuniaga mwandani,
Ufukweni ninakaa, kutwa macho baharini,
Kaskazi yasinyaa, hujashuka bandarini.

(Kaskazi nimeihesabu mizani minne, kwa sababu mwimbaji huivuta hivyo. Anayebisha na abishe.)

Mtu wa bara anayeusoma ubeti huu huona huzuni na upepo mwingi. Mtu wa pwani huona kalenda. Kusi huvuma kutoka kusini katikati ya mwaka, na ndiyo iliyokuwa ikiyasukuma majahazi kutoka Zanzibar na Mombasa kwenda Arabuni. Kaskazi huvuma kutoka upande wa pili, tangu Desemba hadi Machi hivi, na ndiyo iliyokuwa ikiyaleta. Aliyeondoka na kusi ana msimu mmoja tu wa kurudi. Kwa hiyo mshororo wa tatu hauelezi hali ya hewa hata kidogo, bali unasema kwamba muda wa ahadi unakwisha, na kwamba kaskazi ikishakufa hakuna chombo kitakachotoka huko mpaka mwaka mwingine. Lawama yote imo humo, ilhali mwimbaji hajalaumu mtu: aliyemtwaa mwandani ni upepo.

Sasa mtafsiri mwenye haraka huandika upepo wa kusini na upepo wa kaskazini kwa Kiingereza, akaona amekuwa mwaminifu. Amepotosha kila kitu. Katika ushairi wa Waingereza upepo wa kaskazini ni baridi kali na ukatili, na ule wa kusini ni joto na faraja, kwa sababu huko kwao ndivyo ulivyo. Kwetu pwani kaskazi ndiyo majira ya joto, na kusi ndiyo inayoleta ubaridi wa katikati ya mwaka. Msomaji wa London atadhani mpenzi aliondoka katika raha, na kwamba sasa baridi inapungua, mambo yanaelekea kuwa mazuri! Huzuni ya mshororo wa mwisho imegeuka kuwa habari njema, na hakuna neno hata moja lililokosewa.

Hapo ndipo washauri wangu husema, basi zibadilishe pepo hizo, mpe kila mmoja jina la mwenzake. Haifai, kwa sababu hapo majahazi yatakuwa yanakwenda Arabuni dhidi ya upepo, na msomaji mwenye ramani atatucheka. Wengine husema niweke tanbihi. Tanbihi ni ya wanafunzi. Wimbo wenye maelezo chini yake umekwisha kufumbuliwa, na ni kufumbuliwa huko ninakokataa.

Ninachofanya ni kuzitupa dira zote mbili na kuuita kila upepo kwa kazi yake. Katika mshororo wa kwanza wa Kiingereza naandika, kwa maana, upepo unaoondoa majahazi ulikuchukua, nawe hukuaga. Katika wa tatu naandika kwamba upepo unaorudisha majahazi unanyauka, na bandarini hujashuka. Msomaji asiyejua lolote juu ya Bahari ya Hindi anapofika kwenye upepo wa pili anaukumbuka ule wa kwanza, naye anaifanya hesabu mwenyewe. Fumbo limebaki fumbo, ila sasa ufunguo wake umo ndani ya ubeti. Gharama ipo: nimepoteza majina mawili matamu, na mshororo wa kwanza umenenepa.

Kuhusu umbo nitasema kwa ufupi. Ushairi wa Kiingereza huhesabu zaidi mikazo kuliko silabi, kwa hiyo kila kipande cha mizani minane nakipa mikazo miwili mizito, na pumziko la katikati nalilinda kwa gharama yoyote, maana ndilo pumzi ya mwimbaji. Vina kamili nimeviacha. Kiswahili kinakupa kina cha ni kwa kila mahali unapotaja, ufukweni, bandarini, majini, bila jasho. Kiingereza hakina ukarimu huo, na kina kimoja kikirudiwa beti kumi masikioni mwao huwa kichekesho cha watoto. Natumia irabu zinazofanana tu, konsonanti zikatofautiana.

Jambo linalonikera kuliko yote ni jinsia. Ubeti wangu unasema na mwandani ana kwa ana, kwa hiyo umesalimika, lakini wimbo ukianza kumtaja kwa alikwenda na hajarudi, Kiingereza kinamdai mtafsiri aseme ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili hakidai, na taarabu imejengwa juu ya kutokudai huko. Ukumbini mama mmoja huinuka, akaenda kumtunza mwimbaji kwenye neno hukuniaga hasa, akamtazama mtu fulani aliyekaa meza ya tatu. Mwingine huinuka kwenye neno hilo hilo kwa ajili ya shoga yake aliyemnunia. Ubeti ni mmoja, nao umewatosha wote kwa sababu haukumtaja mtu. Ukitia jinsia umewafukuza nusu ya watunzaji.

Mara nyingi nakwepa kwa kubaki na jahazi: nasema chombo hakijarudi, mtu simtaji. Waingereza wana desturi ya kale ya kuitaja meli kwa kiwakilishi cha kike, na kwa muda nilifurahia hila hiyo, kwa kuwa msomaji hajui kama anasikia habari za chombo au za mpenzi. Lakini hila hiyo inafaa tu pale ambapo mpenzi anaweza kuwa mwanamke. Mwimbaji akiwa mwanamke anayemlilia mume, msomaji anapelekwa njia ya panda bila taa. Siku hizi naitumia kwa uchache, na sina hakika kama hata huo uchache ni halali.

Shaka yangu nyingine ni marudio. Mwimbaji huurudia mshororo, ala za fidla na kanuni zikaujibu, na ubeti mmoja ukachukua dakika kadhaa. Kwenye karatasi unasomwa kwa pumzi tatu. Najifariji kwamba Siti binti Saad aliporekodi Bombei mwaka 1928, upande mmoja wa sahani ulibeba dakika tatu hivi tu, na hakuna aliyesema ile si taarabu. Hata hivyo sauti yake ilikuwemo, nami sina sauti ya kuweka. Kwa sasa narudia nusu ya pili ya mshororo wa tatu peke yake, ile ya bandarini hujashuka. Mhariri mmoja aliifuta akidhani ni kosa la chapa, nami nimeirudisha.