Vito vingi, saa bora?

Utasikia ikisemwa: “Saa ya vito 25 ni bora kuliko ya vito 17, na ikiuzwa hayo mawe yana pesa.”

Vito hivyo ni yakuti za kutengenezwa kiwandani, na thamani yake ni ndogo. Kazi yake ni kupunguza msuguano: ncha nyembamba ya chuma huzunguka ndani ya tundu la jiwe gumu, laini, lisilolika upesi.

Kwa saa ya kawaida ya kutia ufunguo, vito 17 vinatosha. Gurudumu linalocheza huku na huku lina 5, uma unaolisukuma 4, na magurudumu manne yanayofuata yana viwili kila moja. Saa ya vito 7 imeyaacha hayo manne, pamoja na mhimili wa uma, kwenye matundu ya shaba, ambayo kwa miaka hulika na kuwa ya duaradufu. Hapo tofauti ni ya kweli.

Zaidi ya 17, uliza vinafanya nini. Saa inayojijaza kwa mwendo wa mkono huvihitaji kwenye sehemu hiyo, hivyo 21 au 25 ni kawaida. Lakini miaka ya 1960 ziliuzwa saa za vito 100, vingi vikiwa vimepachikwa pembeni bila kugusa chochote.

Kabla ya kulipa, mwombe fundi afungue mgongo. Kwa lenzi, tazama kama kila jiwe linaloonekana lina kazi, kama lina ufa, na kama oili imekauka. Kisha linganisha saa na simu kwa siku nzima. Ikipotea dakika kadhaa, inahitaji fundi, iwe na vito 17 au 25.