Pombe haikati dawa, huizidisha

Hapa Mombasa utamsikia mtu akisema, "Leo sinywi tembe, naenda mangweni, pombe itakata dawa." Anaruka tembe ya jioni, anakunywa mnazi wake, na moyo umetulia. Anadhani hasara pekee ni dawa kukosa nguvu. Mwingiliano wa dawa na pombe ni pale kimoja kinapobadilisha kazi ya kingine mwilini, na kwa dawa kadhaa za kawaida hatari ni madhara kuzidi.

Diazepamu hutuliza ubongo, na pombe hutuliza ubongo huo huo. Zikikutana, mtu anaweza kulala pumzi zikipungua hadi zikome. Kuruka tembe moja hakumkingi, kwa kuwa diazepamu hukaa mwilini siku kadhaa. Metronidazoli, ambayo wengi huiita Flajili, ina habari yake: wengine hutapika, uso huwaka na moyo huenda mbio. Haiwapati wote, na wataalamu wanabishana kuhusu ukubwa wa tatizo, ila maelekezo ya watengenezaji hukataza pombe hadi siku 2 au 3 baada ya tembe ya mwisho.

Inayonitia hofu zaidi ni glibenklamidi, tembe ya kisukari. Kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala, na tembe ya asubuhi huweza kufanya kazi hadi kesho yake. Sukari ikishuka, ini ndilo huokoa: hutoa akiba yake na kutengeneza sukari mpya. Pombe huzuia huko kutengeneza.

Chukua mzee aliyemeza tembe yake saa 1 asubuhi, mchana akala kidogo, jioni akanywa mnazi bila chakula. Usiku wa manane anatoka jasho, anatetemeka, anaropokwa. Kwa kuwa ananuka mnazi, nyumbani wanasema, "Mwacheni alale, pombe itamtoka." Hapo ndipo watu hupotea, kwa sababu sukari ikishuka mtu hufanana kabisa na mlevi. Kinachotofautisha ni kupima: damu ya kidole ikisoma chini ya milimoli 4 kwa lita, sukari imeshuka. Kama hakuna mashine, mchukulie kuwa imeshuka. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe maji yenye vijiko 3 au 4 vya sukari, kisha chakula. Akiwa hajitambui usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Hata akizinduka apelekwe, kwani glibenklamidi bado imo na sukari inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa.

Kwa hivyo ukimwonya mjomba wako mwenye kisukari, usimwambie pombe itakata dawa yake. Mwambie dawa ya asubuhi bado inashusha sukari, na pombe imelizuia ini kuipandisha.