Wali, maharage na mchuzi: kukadiria kalori za sahani kwa kutazama picha

Mtaalamu wa lishe ameniomba nimtumie picha ya kila sahani ninayokula. Mara nyingi huwa ni wali, maharage na mchuzi wa nyama. Kweli picha itamwambia nimekula kalori ngapi?

Itampa makadirio, na kwa sahani ya aina hiyo makadirio yanaweza kupishana na ukweli kwa kalori mia moja, mia mbili au zaidi. Anachokiona vizuri ni aina ya chakula na nafasi kilichochukua kwenye sahani. Asichokiona ni vitu viwili: wali umepanda juu kiasi gani, na mafuta kiasi gani yaliingia kwenye sufuria. Sehemu kubwa ya kosa hutoka hapo. Nyanya na vitunguu vya kwenye mchuzi havina uzito mkubwa katika hesabu hii, kwa hiyo usihangaike navyo.

Ndiyo maana mtu anayeijua kazi hii hakutajii namba moja tu. Hutaja namba ya katikati, kisha anakwambia inaweza kushuka hadi wapi na kupanda hadi wapi. Ukiona makadirio ya picha yanayosema "kalori 743", bila mipaka yoyote, yatilie shaka.

Sasa nipige vipi ili picha isidanganye?

Piga mbili. Ya kwanza ipigwe kutoka juu kabisa, simu ikiwa sambamba na meza na umbali wa karibu nusu mita. Ukiikaribisha mno, kilicho katikati na kilichoinuka huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Picha hii inaonyesha eneo. Ya pili ipigwe kutoka ubavuni, kwa kuinamisha simu kiasi cha kuuona mlima wa wali juu ya ukingo wa sahani. Hii ndiyo inayoonyesha kimo, na ndiyo ambayo wengi hawaipigi.

Kila picha iwe na kitu ambacho ukubwa wake unajulikana. Kijiko chako cha kulia kinatosha, mradi umekipima kwa rula mara moja na ukakitumia hicho hicho siku zote. Bila kitu kama hicho, sahani ya sentimita 22 na ya sentimita 28 hufanana kabisa kwenye kioo cha simu, ilhali eneo la hiyo kubwa linazidi la ndogo kwa zaidi ya nusu. Pima pia sehemu ya ndani ya sahani, pale ukingo unapoishia. Kama sahani ina kina, mimina maji kwa kikombe cha vipimo hadi kwenye mstari wa ndani uone inabeba mililita ngapi, maana wali ulio chini ya mstari huo hauonekani kwa ubavuni.

Jambo jingine dogo lenye faida kubwa: piga picha kabla hujamwagia. Maharage yakishafunika wali, hakuna anayejua wali unaishia wapi. Weka wali, piga. Weka maharage, piga. Malizia na mchuzi, piga. Na ukibakiza chakula, sahani ya mwisho nayo ipigwe ili kilichobaki kitolewe.

Naomba mnionyeshe hesabu yenyewe, hatua kwa hatua.

Tuchukue sahani bapa ambayo sehemu yake ya ndani ina kipenyo cha sentimita 20. Eneo lake ni takriban sentimita za mraba 314. Picha ya juu inaonyesha wali umechukua nusu, yaani 157, na maharage robo. Robo iliyobaki ina vipande vitatu vya nyama ya ng'ombe na mchuzi.

Picha ya ubavuni inaonyesha kilele cha wali kiko sentimita 4. Hapa ndipo watu huteleza, kwa sababu huchukua 4 wakazidisha moja kwa moja. Wali uliokaa kama kilima, wenye kushuka taratibu hadi pembeni, wastani wa kimo chake ni karibu nusu ya kilele, yaani sentimita 2. Basi 157 mara 2 ni mililita 314. Wali uliopakuliwa bila kushindiliwa una uzito wa karibu gramu 0.7 kwa kila mililita, kwa hiyo tuna gramu 220. Wali mweupe uliochemshwa una kalori zipatazo 130 kwa gramu 100, na hapo tunapata 285.

Lakini tuseme mpakuaji aliubana wali kwa upawa ukawa na mgongo bapa. Kilele ni kile kile cha sentimita 4, ila wastani sasa unafika 3. Wali unakuwa gramu 330 na kalori 430. Picha ya juu ya sahani hizi mbili ni moja, na tofauti ni kalori 145.

Tuendelee na kile kilima. Maharage na rojo lake yamechukua sentimita za mraba 78 kwa kina cha sentimita moja na nusu, kama mililita 120, ambazo ni takriban upawa mmoja. Ukitoa rojo, maharage yenyewe ni gramu 80 hivi, na kwa kalori 130 kila gramu 100 tunapata 105. Kila kipande cha nyama kinalingana na kasha la kiberiti, karibu gramu 27. Vitatu ni gramu 80. Nyama iliyopikwa isiyo na mafuta mengi tuihesabie 230 kwa gramu 100, tupate 185. Nyanya na vitunguu tuvipe 20.

Mpaka hapa tuna 595, na bado hatujagusa mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, kile cha mililita 15, kina kalori kama 120. Tuseme sehemu yako ya maharage ina nusu kijiko na mchuzi nusu kijiko. Hiyo ni 120. Wali nao ulitiwa vijiko vitatu kwa nusu kilo ya mchele. Nusu kilo hutoa takriban kilo 1.4 za wali, kwa hiyo gramu zako 220 zimebeba kalori kama 55. Jumla inafika 770, na kati ya hizo 175, karibu robo, ni za mafuta ambayo kamera haikuyaona.

Mimi ningemwandikia mtu huyu: "kama 770, pengine kati ya 650 na 950." Upande wa juu umeachiwa nafasi kubwa zaidi makusudi, kwa kuwa wali uliobanwa na mkono mzito wa mafuta vyote huvuta huko.

Nilijaribu mwenyewe kwa jedwali la mtandaoni. Wali wa gramu 220 peke yake ukanipa karibu kalori 800! Nimekosea wapi?

Umesoma mstari wa mchele mkavu. Mchele kabla ya kupikwa una kalori 360 hivi kwa gramu 100, na ukiuzidisha kwa 220 unapata 792. Ukishaiva umenywa maji. Uzito umeongezeka, kalori hazikuongezeka, ndiyo maana wali unarudi kwenye 130. Maharage yana mtego huo huo: makavu yana zaidi ya 330, yaliyochemshwa karibu 130. Picha ni ya chakula kilichoiva, kwa hiyo tumia mstari wa kilichoiva. Jedwali lisilosema ni kipi kati ya hivyo viwili, liache.

Mafuta nitayajuaje, na kwenye picha hayaonekani?

Jikoni, kabla ya picha. Usikadirie kwa jicho wakati wa kumimina, kwani chupa iliyoinamishwa kwa sekunde chache tu hutoa vijiko kadhaa. Weka alama ya kalamu kwenye chupa kabla ya kupika, tazama imeshuka kiasi gani baadaye, au pima kwa kijiko. Kisha hesabu sufuria imetoa pawa ngapi. Kama maharage yalitiwa vijiko sita na yakatoa pawa 12, kila upawa umebeba nusu kijiko, na hilo unaliandika chini ya picha kwa maneno machache tu.

Mchuzi una ujanja wake. Mafuta huelea, kwa hiyo aliyechota juu na aliyechota chini hawakula kitu kimoja. Koroga kabla ya kupakua, vinginevyo mgawanyo huo hauna maana. Kama umepikiwa na huna wa kumuuliza, angalia sahani ukimaliza: mchuzi uliobaki ukiacha duara za mafuta zinazong'aa, au wali wa chini ukiwa umelowa na unateleza, nenda upande wa juu wa makadirio.

Na nikitaka kujua makadirio yangu yako mbali kiasi gani?

Tafuta mizani ya jikoni, hata ya kuazima. Weka sahani tupu, isome, pakua wali, isome tena. Kabla ya kutazama namba, andika ulichokadiria kwa picha. Rudia kwa milo michache yenye ukubwa tofauti. Kwa kawaida watu huzidisha sehemu ndogo na kupunguza sehemu kubwa, kwa hiyo usitafute kosa moja la jumla. Tazama sahani zako zilizojaa peke yake. Ukikuta kila mara wali wa sahani kubwa unakuzidi kwa robo, ongeza robo kwenye picha zijazo za aina hiyo, ukitumia sahani ile ile.

Baba ana kisukari na anajidunga insulini kulingana na wanga anaokula. Anaweza kupanga dozi kwa picha?

Kwa picha pekee, hapana. Rudi kwenye ule mfano: wali wa gramu 220 una wanga kama gramu 62, maharage yanaongeza 18 hivi, jumla 80. Wali ukiwa umebanwa, jumla inapanda hadi 110. Kama ameelekezwa uniti 1 kwa kila gramu 10 za wanga, hapo kuna tofauti ya uniti 3, na dozi iliyozidi kiasi hicho inaweza kumshusha sukari hadi atetemeke, atoke jasho au apoteze fahamu. Wali wake upimwe kwa mizani, au kwa kikombe kimoja ambacho uzito wake wa wali mmeshaupima nyumbani. Picha apige pia, lakini aipeleke kliniki pamoja na kipimo cha sukari cha kabla ya kula na cha saa mbili baadaye, ili anayempangia dozi aone sahani gani ilimpandisha na gani haikumpandisha.