Hoja kali haikai kwenye hitimisho

"Si tunaambiwa hoja kali kuliko zote tuitunze hadi hitimisho?"

Hapana, iweke kwenye mwili wa insha, tena mapema. Hitimisho lina sentensi mbili au tatu tu. Hoja mpya ikiingia humo inakosa maelezo na mfano, na msahihishaji anaiona dai tupu. Mazoea haya yanafanana na ya mdahalo, ambako watu husubiri kishindo cha msemaji wa mwisho.

Tuseme msimamo wako ni kwamba korosho za Mtwara zibanguliwe hapa hapa kabla ya kuuzwa nje. Mwili umeeleza ajira za vijana na bei ya korosho iliyobanguliwa. Kisha unafunga hivi: "Kwa hiyo tubangue wenyewe. Pia, maganda yake hutoa mafuta ya viwandani." Hayo mafuta ni kweli, lakini yamezuka mlangoni. Neno "pia" ndilo lililokufichua. "Vilevile" na "zaidi ya hayo" hufanya vivyo hivyo.

Katika insha ya dakika 40, bakiza nne. Soma tena sentensi ya msimamo na sentensi ya kwanza ya kila aya, kisha useme hayo hayo kwa maneno mengine: "Ubanguaji ukifanyika hapa, kazi hubaki kwa vijana wetu na zao huuzwa kwa bei nzuri. Korosho isipande meli na ganda lake."

Mafuta ukiyakumbuka zimebaki dakika kumi, yape aya yake kabla ya kufunga. Zikibaki tano, yaache.