"Hakusahau, hakusikia": dhana potofu kuhusu masikio na kumbukumbu za wazee

Dhana potofu: "Huyu si kiziwi. Anasikia anachotaka."

Dhana hii huwachelewesha wazee wengi kupata msaada, na kibaya zaidi huonekana kuwa na ushahidi. Mzee anaulizwa jambo sebuleni, kimya. Mlango ukibamizwa, anageuka papo hapo. Familia inaamua kwamba anajifanya.

Usikivu unaopungua kwa sababu ya umri hauondoi sauti zote kwa pamoja. Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vinavyopokea mitetemo ya sauti. Zinazotangulia kufa ni zile zinazopokea sauti nyembamba, na zikishakufa hazioti tena. Sauti nzito hubaki, ndiyo maana kishindo cha mlango anakisikia. Kwenye maneno, irabu zina nguvu, ila konsonanti kama s, sh, f, t na k ni dhaifu na nyembamba. Chukua "saa sita" na "saa tisa". Irabu ni zilezile na zinafuatana vilevile, s na t ndizo zilizobadilishana nafasi. Mzee anazipata irabu vizuri, kisha pengo lililobaki analijaza kwa kukisia. Ndiyo maana wengi husema, "Nakusikia, ila sikuelewi," au hulalamika kwamba watu siku hizi wanamung'unya maneno.

Kumpigia kelele hakusaidii sana, maana ukipaza sauti unazidisha irabu, na shida yake haikuwa huko. Mkaribie akuone mdomo, zima redio, ongea taratibu.

Dhana potofu: "Ameanza kusahau."

Inawezekana. Lakini tuchukue mfano wa mama wa miaka 74. Binti yake anaosha vyombo huku amempa mgongo, maji yanatiririka bombani, anasema: "Mama, kesho kliniki ni saa tisa." Mama anaitikia, "Haya." Kesho yake saa tano na nusu mama ameshavaa, amekaa karibu na mlango. "Mama, si nilikwambia saa tisa?" Mama anasisitiza aliambiwa sita. Yakitokea mambo kama hayo mara tatu, watoto wanaanza kunong'ona kuhusu kumbukumbu za mama.

Mama huyu hakusahau chochote. Alikumbuka sawasawa kile kilichomfikia. Na hata maneno yanapofika salama, yanaweza kupotea kwa njia nyingine: ubongo unaohangaika kukisia kila neno unabakiwa na nguvu ndogo ya kuyahifadhi. Mtu anaelewa sentensi ya kwanza, ya pili inampita akiwa bado anaitengeneza ya kwanza.

Kuna dalili zinazosaidia kutofautisha. Asiyesikia hukosea kwa kuchukua neno linalofanana na lililosemwa, akiandikiwa anakumbuka, na akiwa na mtu mmoja kwenye chumba kimya mazungumzo yake hayana kasoro. Anayepoteza kumbukumbu husahau hata alichokisoma mwenyewe, hurudia swali ambalo jibu lake alilielewa dakika chache zilizopita, au hupotea kwenye njia aliyoizoea. Wapo wenye yote mawili, na hao ni wengi, kwa hiyo dalili hizi hazichukui nafasi ya vipimo.

Hospitalini nako kosa lilelile hutokea. Kipimo cha kumbukumbu mara nyingi huwa na maneno machache ambayo mhudumu huyatamka na mzee huyataja tena baada ya muda. Neno lisiposikika, linahesabiwa kuwa limesahauliwa. Kabla ya kipimo, omba masikio yachunguzwe, kwani nta iliyoziba peke yake inaweza kumpunguzia mtu usikivu na huondolewa siku hiyohiyo. Kisha mzee ayarudie maneno mara tu yanapotamkwa. Akishindwa hapo hapo, pengine hakuyasikia, na matokeo ya kipimo hicho yasiaminiwe bado.

Dhana potofu: "Amejitenga kwa sababu ya uzee tu."

Uzee haumfanyi mtu mcheshi akimbie watu. Mwangalie mwenye usikivu hafifu kwenye mkusanyiko wa watu sita. Wawili wanaongea kwa wakati mmoja, mwingine anachekesha, wote wanacheka, naye anacheka akichelewa kidogo. Anajibu swali ambalo halikuulizwa, watu wanatazamana. Baada ya saa moja amechoka kuliko wote ingawa hajasema mengi. Safari ijayo atasema kichwa kinamuuma. Hakuna anayeona ni lini hasa aliacha kuja, kwa sababu kila udhuru ulikuwa na mantiki yake.

Upweke huo hauishii kwenye huzuni. Mazungumzo huulazimisha ubongo kukumbuka majina, kufuata hoja, kutafuta neno, yote kwa kasi. Mtu akikosa mazungumzo anakosa na zoezi hilo. Upweke wenyewe unatajwa na wataalamu miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya dimenshia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kiasi cha kuvuruga maisha ya kila siku.

Dhana potofu: "Asiyesikia atapata dimenshia tu, na kifaa cha kusikia ndiyo kinga."

Hapa kuna makosa mawili yaliyofungwa pamoja. Mwaka 2011 Frank Lin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha utafiti wa watu 639 waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Waliokuwa na upungufu mdogo wa usikivu walikuwa na hatari ya dimenshia takribani mara 2 ya wanaosikia vizuri, wa kati mara 3, na mkubwa mara 5. Hata hivyo, hatari si hukumu. Watu wengi wasiosikia vizuri hawapati dimenshia kamwe.

Je, kifaa kinasaidia? Jaribio la ACHIEVE la Marekani, lililochapishwa mwaka 2023, liliwagawa watu 977 wa miaka 70 hadi 84: nusu wakapewa vifaa na ushauri wa usikivu, nusu wakapewa elimu ya afya kwa ujumla. Baada ya miaka 3, kwa kundi zima, hapakuwa na tofauti katika kasi ya kudhoofika kwa uwezo wa kufikiri. Lakini kati yao walikuwamo 238 waliokuwa na umri mkubwa zaidi na hatari nyingi za moyo na mishipa. Kwa hao, waliopewa vifaa walidhoofika kwa kasi ndogo kwa asilimia 48. Wale wengine walikuwa na afya njema kiasi kwamba katika miaka 3 walidhoofika kidogo mno, na ni vigumu kupunguza kitu ambacho karibu hakipo. Kwa hiyo namwambia mwenye shinikizo la damu au kisukari asichelewe, lakini simuahidi yeyote kinga.

Dhana potofu: "Kifaa amekivaa siku moja akakitupa droo, basi hakimfai."

Siku moja haitoshi. Ubongo uliozoea ukimya kwa miaka unapigwa na mlio wa sahani, karatasi na nyayo zake mwenyewe, na huhitaji wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, kujifunza upya kipi cha kupuuza. Aanze kwa saa chache nyumbani na mtu mmoja, aongeze polepole, mkusanyiko uje mwishoni. Kikipiga mluzi, huenda hakijakaa vizuri sikioni au sikio lina nta. Sauti yake mwenyewe ikimjia kama anaongea ndani ya pipa, au sauti kali zikimuumiza, mtaalamu wa usikivu anaweza kukirekebisha, na marekebisho ya mara mbili au tatu ni jambo la kawaida. Arudi nacho kliniki pamoja na orodha ya mahali na nyakati kilipomsumbua, kwani mtaalamu hukirekebisha kwa kufuata malalamiko hayo.