Kreatini ya Mapovu, ya Kutafuna au ya Kumeza: Je, Mwili Huona Tofauti?

Mwezi uliopita kijana mmoja anayefanya mazoezi katika jimu ya mtaa wa Umoja alinijia kliniki na malalamiko. Alikuwa ametumia tembe za kreatini, kirutubisho cha kuipa misuli nguvu, kwa wiki nne, tembe moja kila siku, na hakuona badiliko lolote. Mwenzake alimwambia kosa ni kumeza. Eti tumbo huichoma kreatini kabla haijafika kwenye damu, afadhali anunue zile za mapovu zinazoyeyuka majini.

Nilimwomba lebo. Kila tembe ilikuwa na gramu 1. Misuli huhitaji gramu 3 hadi 5 kwa siku, na hata kwa gramu 3 huchukua takribani wiki nne kujaa. Kijana huyu hakukosea umbo, alikosea hesabu.

Asidi ya tumboni haiharibu kreatini kwa kiasi cha kutia hofu, kwa sababu haikai humo muda mrefu. Kreatini monohaidreti, ile aina ya kawaida, ikimezwa, karibu yote hufyonzwa utumboni. Ukiinywa ikiwa imeyeyuka, kiwango chake katika damu hupanda haraka na kufika juu zaidi. Tembe ngumu huchelewa, kwa kuwa lazima kwanza ivunjike, na pengine sehemu ndogo hupotea njiani. Lakini misuli hujazwa kwa siku na wiki, hivyo kuchelewa kwa saa moja hakubadilishi matokeo. Kutafuna hufupisha tu ile kazi ya kuvunja tembe. Vivyo hivyo, chembe zinazobaki chini ya glasi ya kreatini ya unga si taka: ongeza maji uzinywe, kwani ni sehemu ya dozi yako.

Mahali ambapo kuyeyusha kunaweza kukuponza ni kwenye chupa inayokaa. Kijana yule alikuwa ameanza kuchanganya ya mapovu Jumatatu ili anywe hadi Alhamisi. Kreatini iliyo majini hugeuka polepole kuwa kreatinini, ambayo misuli haina kazi nayo, na maji yakiwa na uchachu ndivyo inavyoharibika haraka. Katika kinywaji chenye uchachu wa pH 3.5 kwenye nyuzi 25, karibu asilimia 21 hupotea kwa siku tatu. Gramu 5 zinabaki chini kidogo ya 4. Changanya na unywe papo hapo.

Tena mapovu yale hutokana na asidi ya sitriki kukutana na baikaboneti ya sodiamu, kwa hiyo unakunywa chumvi pia. Tuseme lebo inaonyesha miligramu 300 za sodiamu kwa tembe yenye gramu 1 ya kreatini. Tembe tano ni miligramu 1,500, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe 2,000 kwa siku nzima, chakula kikiwemo. Mama wa kijana huyu ana shinikizo la damu na naye alikuwa ameanza kuzinywa. Huyo nilimwambia aziache siku hiyo hiyo.