Je, wajua? Ini halimo kwenye njia ya chakula

Swali: "Kwenye mchoro wa mfumo wa mmeng'enyo ini lipo pale pale juu ya tumbo, tena kubwa kuliko vyote, na tunaambiwa linasaidia kumeng'enya chakula. Sasa mbona kwenye swali la kupanga njia ya chakula ukiliweka ini unakosa?"

Kwa sababu chakula hakiingii kwenye ini hata kidogo. Hakuna tundu la kukipokea wala mlango wa kukitoa upande wa pili. Kinachoingia kwenye ini ni damu, na kinachotoka kuelekea kwenye utumbo ni nyongo, basi. Njia yenyewe ya chakula ni mdomo, koromeo, umio, tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana, rektamu, mkundu, na hiyo ni bomba moja refu lililo wazi ncha zote mbili. Ini, mfuko wa nyongo na kongosho vimekaa pembeni ya hilo bomba.

Jibu la kosa linalopendwa sana ni lile la "tumbo, ini, utumbo mwembamba", na ukiangalia mchoro unaona kabisa linatoka wapi. Mchoro ni bapa, ini limelala juu ya sehemu ya tumbo, chini yake kuna mfuko wa nyongo na nyuma kuna kongosho, vyote vimebanwa kwenye eneo dogo afu mara nyingi vimepakwa rangi zinazokaribiana. Lebo nazo zimepangwa kutoka juu kwenda chini kwahiyo mtu anazisoma kama vituo vya safari, umio, ini, tumbo, nyongo, kongosho, utumbo, na anadhani ndo mpangilio wa chakula kumbe ni mpangilio wa lebo tu. Ukitaka kuhakikisha weka ncha ya kalamu ndani ya umio kwenye mchoro na uishushe bila kuinua na bila kuvuka mstari wowote wa ukuta. Utatoka kwenye tumbo utaingia duodeni, ile sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba yenye urefu wa kama sentimita 25, na kalamu itaendelea kushuka. Kuingia kwenye ini itabidi uvuke ukuta, au upande kinyumenyume kwenye kamfereji kembamba kanakotoka juu.

Hako kamfereji ndo kanachochanganya wengi kwahiyo tukaangalie kwa utulivu. Fikiria mto mkubwa na kijito kinachomwaga maji yake mtoni. Mtumbwi unaoshuka na mto mkubwa utafika pale kijito kinapoingilia, utapokea maji yake, utaendelea kushuka. Haupandi kijitoni, kwa sababu maji ya kule yanakuja, hayaendi. Sasa chakula ni huo mtumbwi, na nyongo ndo maji ya kijito. Ini linatengeneza nyongo muda wote, inashuka kwenye mifereji midogo inayoungana kuwa mmoja, njiani kuna tawi la kwenda kwenye mfuko wa nyongo ambako inahifadhiwa na kukolezwa, na mwisho mfereji mkuu wa nyongo unafunguka kwenye ukuta wa duodeni. Pale mfereji huo unapofungukia kuna msuli wa mviringo unaobana na kuachia. Chakula chenye mafuta kikifika duodeni, ukuta wake unatoa homoni inayoitwa kolesistokinini, homoni hiyo inasafiri kwa damu, mfuko wa nyongo unajikamua, ule msuli unalegea, nyongo inamwagika kukikuta chakula kilipo. Yaani ini linakimeng'enya chakula likiwa mbali, kwa kutuma kitu. Kongosho linafanya vivyo hivyo, na kwa watu wengi mfereji wake unaungana na ule wa nyongo pale pale mlangoni, ingawa kuna watu ambao mifereji hiyo miwili inafunguka kila mmoja kivyake, kwahiyo usishangae michoro miwili ikitofautiana kidogo hapo.

Kuna njia nzuri ya kupima kama kiungo kipo kwenye njia au kipo pembeni, nayo ni kuangalia kinachotokea kikiziba au kikitolewa. Tumbo likiziba pale linapotokea kuingia duodeni, chakula kinarundikana na mtu anatapika alichokula masaa mengi nyuma, maana barabara imefungwa. Lakini jiwe la nyongo likikwama kwenye mfereji mkuu wa nyongo, chakula kinaendelea kupita kama kawaida, mtu anaweza kwenda chooni, ila choo kinatoka cheupecheupe kwa sababu rangi yake ya kahawia inatokana na nyongo, mkojo unakuwa wa rangi nzito kama chai iliyokolea na macho yanageuka njano kwa vile ile rangi imerudi kwenye damu (hizo ni dalili za kuwahi hospitali, sio za kusubiri). Upasuaji unasema hivyohivyo. Daktari akitoa tumbo lote ni lazima aunganishe umio na utumbo mwembamba, bila hivyo mtu hawezi kula. Akitoa mfuko wa nyongo anafunga tu kale kamfereji kake, bomba la chakula haliguswi.

Sasa, walioliweka ini kwenye njia hawakubahatisha tu. Kuna kitu cha kweli wanakihisi, kwamba chakula na ini vina uhusiano mkubwa. Galeni, tabibu wa karne ya 2, alifundisha kwamba kilichomeng'enywa kinabebwa kutoka utumboni hadi kwenye ini na huko ndo kinageuzwa kuwa damu, na mafundisho hayo yalidumu zaidi ya miaka elfu moja. Kosa lake kubwa lilikuwa kwenye kugeuzwa kuwa damu. Hilo la kubebwa hadi kwenye ini lina ukweli mwingi ndani yake, ila kinachobebwa sio chakula tena.

Tuchukue kipande cha mkate chenye siagi tukifuate. Wanga wa mkate ukishavunjwa unakuwa glukosi, na glukosi inafyonzwa kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, hasa nusu yake ya kwanza, inaingia kwenye kapilari za damu. Hapa ndo safari ya chakula inaishia na safari ya damu inaanza, na swali la mtihani likiuliza "glukosi inafikaje kwenye msuli wa mguu" lazima ujue umebadilisha bomba. Kwa kawaida kapilari zikikusanyika zinakuwa vena na vena inaelekea moyoni. Lakini vena za utumbo hazifanyi hivyo. Zinakusanyika kuwa mshipa mmoja mnene, vena ya lango la ini, na mshipa huo unaingia ndani ya ini na kugawanyika tena kuwa vijia vyembamba sana, kwahiyo damu ile inapita kwenye kapilari mara mbili kabla haijauona moyo. Karibu robo tatu ya damu yote inayoingia kwenye ini inatoka kwenye mshipa huu, iliyobaki inaletwa na ateri ya ini ikiwa na oksijeni ya kutosha.

Ndani ya ini sehemu ya ile glukosi inachukuliwa na kuhifadhiwa kama glikojeni, nyingine inaendelea. Inatoka kwa vena za ini, inaingia vena kava ya chini, chemba ya juu ya kulia ya moyo, chemba ya chini ya kulia, ateri ya mapafu, mapafu yenyewe, vena za mapafu, chemba ya juu ya kushoto, chemba ya chini ya kushoto, aota, ateri ya paja, kapilari za msuli. Wengi wanakosa kwa kuitoa kwenye ini na kuipeleka moja kwa moja mguuni, au wanaipitisha moyoni mara moja tu. Hakuna njia ya mkato hapo, damu yoyote inayotoka kwenye ini inaingia upande wa kulia wa moyo, na kutoka upande wa kulia kwenda kushoto lazima ipite mapafuni hata kama glukosi haina shughuli yoyote huko. Na kumbuka kulia ni kwa mwenye moyo, kwa hiyo kwenye mchoro unaokutazama kulia kwake kupo kushoto kwako.

Siagi je? Hapo mwili una utaratibu mwingine. Mafuta ya kawaida yakishamegwa na kufyonzwa yanaunganishwa tena ndani ya seli za ukuta wa utumbo na kufungwa kwenye vifurushi ambavyo ni vikubwa mno kupenya kapilari, kwahiyo vinaingia kwenye mirija ya limfu. Gaspare Aselli wa Italia aliiona mirija hii mwaka 1622 alipompasua mbwa aliyekuwa ametoka kula, ilikuwa imejaa majimaji meupe kama maziwa, na kwa vile kila mtu wakati ule aliamini mambo yote yanaishia kwenye ini, naye akasema inaelekea huko. Mwaka 1651 Mfaransa Jean Pecquet akaonyesha kwamba majimaji yale yanapanda kifuani kwa mfereji mmoja na kumwagikia kwenye vena kubwa chini ya shingo. Kwa binadamu ni upande wa kushoto, karibu na mfupa wa mtulinga. Kutoka hapo mafuta yanaingia vena kava ya juu na moyoni, yaani yameliruka ini kwenye mzunguko wa kwanza kabisa, yatalifikia baadaye yakiwa tayari yamezunguka na damu ya mwili mzima. Mafuta yenye minyororo mifupi na ya kati yanaenda na glukosi kupitia vena ya lango, kwahiyo usiseme "mafuta yote" kwenye jibu lako.

Tofauti hii ya nani anapita kwenye ini kwanza na nani analiruka inaonekana wazi kwenye dawa. Naitrogliserini inayotumika kwa maumivu ya kifua ya moyo, ukiimeza inafuata njia ya glukosi, inafika kwenye ini na sehemu kubwa inavunjwa kabla haijaenda popote. Ndo maana kidonge chake kinawekwa chini ya ulimi. Vena za mdomoni haziendi kwenye lango la ini, zinashuka na vena za shingo hadi vena kava ya juu, upande wa kulia wa moyo, mapafu, upande wa kushoto, aota, afu zile ateri ndogo zinazoulisha moyo wenyewe, na dawa inaanza kazi ndani ya dakika chache.